Bibi Atapona

Ujumbe wenyewe bado ninao. Ulifika Jumanne usiku, nikiwa maktaba Dar es Salaam: “bibi atapona dakitari kasema njoo mwanangu”. Hauna nukta wala herufi kubwa. Mama mdogo hanaga mambo ya nukta.

Niliusoma mara mbili, nikashusha pumzi. Alhamisi nilikuwa na mtihani wa mwisho wa muhula. Nikamjibu: “Alhamdulillahi. Nikimaliza mtihani nakuja, Ijumaa niko hapo.” Hakujibu, nikadhani vocha imemwishia.

Bibi alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi. Walimzika siku hiyohiyo baada ya adhuhuri, mimi nikiwa kwenye chumba cha mtihani, simu imezimwa. Ijumaa niliposhuka kwenye basi barabara kuu na kupanda bodaboda kwenda Kiswere, nilikuwa naenda kuliona kaburi.

Mama mdogo hakunilaumu. Ila siku ya tatu, tukiwa uani tunachambua mchele, aliniuliza taratibu: “Sasa mwanangu, mimi si nilikwambia hatapona?”

Nikamwonyesha simu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba na yeye aliishangaa ile Alhamdulillahi yangu, akaona basi, mtoto ana subira.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, kwa hiyo nilipaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Katika Kiswahili, ukanushi kwa kawaida hauko sehemu moja tu ya kitenzi. Alipona, hakupona; amepona, hajapona: mwanzo unabadilika na katikati panabadilika, kwa hiyo hata herufi moja ikidondoka maana inabaki. Mtu akiandika “ajapona”, hakuna atakayedhani mgonjwa yuko fiti. Wakati ujao haujalindwa hivyo. Atapona, hatapona. Utakuja, hutakuja. Kwa “yeye” na kwa “wewe”, tofauti yote ya ndiyo na hapana imebebwa na h peke yake. (Wingi una nafuu: “awatapona” bado inajieleza.)

Na h ndiyo herufi ambayo sisi tunaiacha kila siku. Angalia maandishi ya chini ya picha za rafiki zako: “akuna kama mama”, “uyu ndo wangu”, “ela ngumu”. Wengine huiacha kwa sababu hawaitamki, wengine kwa haraka tu. Nilirudi kwenye ujumbe wa zamani wa mama mdogo, miaka miwili yote. Akuna umeme. Apa mvua. Ela imefika. Karibu kila h ya mwanzo wa neno haipo, na sikuwahi kuona kasoro, kwa kuwa “akuna” si neno jingine. Jicho lilikuwa linajaza lenyewe. Halafu nikakuta hii, ya mwaka uliotangulia: “mjomba atakuja idi”. Nilikumbuka Idi ile. Tulimsubiri mpaka jioni.

Anatumia kitochi. H iko kwenye kitufe cha 4, unabonyeza mara mbili. Neno lenyewe lina kazi nyingine mbele: o na n zote zinakaa kwenye 6, kwa hiyo ukishaandika o inabidi usubiri kidogo ndipo uandike n, la sivyo herufi inageuka mkononi. Yote hayo aliyapatia. Hata angekuwa na simu janja yenye kamusi ya Kiswahili, isingemsaidia: kamusi hupigia mstari neno isilolijua, na “atapona” ni neno safi kabisa. Kilichokuwa kinapingana nalo ni lile “njoo” la mwisho. Mgonjwa anayepona haitiwi watu. Lilikuwa pale, nikalisoma kama mapenzi tu.

Kuna jambo moja lililoniuma zaidi. Mama mdogo akizungumza hasemi “hatapona”. Anasema “hatopona”, kama watu wengi wa pwani. Ile o ni alama ya pili ya ukanushi. Angeandika anavyosema, h ingedondoka na ningesoma “atopona”, na usiku uleule ningeanza kutafuta nauli. Nilimuuliza kwa nini hakuandika hivyo.

“Wewe si msomi,” alisema. “Shuleni tuliambiwa to si sanifu.”

Hata mimi nilifundishwa hivyo, na daftari langu la kidato cha pili lina alama nyekundu za kutosha kuthibitisha. Nilimwomba aniandikie kama anavyosema, na sanifu awaachie wengine.

Juzi umeingia ujumbe wake: “mjomba atokuja idi iyo samaki nshamuuza”. Nikamjibu, “Sawa, mama mdogo.” Mwaka huu hatukumwekea sahani.