Konokono wa Kwetu, Marufuku Huku

Mliowahi kujaza ile karatasi ya forodha ndani ya ndege kabla ya kutua Dulles mtakumbuka kwamba iliuliza kuhusu matunda, mbegu, nyama, udongo na, kwa jina kabisa, konokono. Mara ya kwanza nilicheka. Nani atoke Tanga na konokono?

Jirani yangu hapa Silver Spring, mama wa Kighana, ndiye aliyenifungua macho. Kwao konokono mkubwa ni kitoweo cha heshima, na akiwa hai husafiri vizuri: huziba mdomo wa gamba na kulala miezi bila chakula. Kwetu ni mharibifu wa mchicha tu. Lakini anayeogopwa zaidi Marekani ni yule wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alifika Morisi kufikia 1800 hivi, na mwaka 1847 Mwingereza mmoja akampeleka Kalkuta.

Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii na konokono watatu, akawaleta Mayami. Bibi yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walihesabiwa konokono 18,000 na mayai kwa maelfu. Kuwamaliza kulichukua hadi 1975 na kuigharimu serikali zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2011 wakaonekana tena Mayami, ikawa miaka kumi mingine ya kazi.

Sababu ni uzazi wao. Kila konokono ana viungo vya kike na vya kiume, kwa hiyo wawili wakikutana wote wanaweza kutaga. Mtago mmoja hufika mayai 200, na kwa mwaka mmoja anaweza kutaga 1,200. Hula mamia ya aina za mimea, na hata hukwangua plasta ya nyumba kutafuta chokaa ya gamba lake.

Kwa wazazi tunaopeleka watoto likizo nyumbani, kubwa zaidi ni mnyoo. Huishi kwenye mapafu ya panya, vijana wake hutoka na mavi, konokono akayala. Binadamu huupata kwa kula konokono asiyeiva, mboga mbichi yenye kikonokono kilichojificha, au kutia mdomoni mkono uliomshika. Mnyoo hukimbilia ubongoni na kuleta aina ya homa ya uti wa mgongo: kichwa kuuma vibaya, shingo kukakamaa, ngozi kuchomachoma, kutapika. Dalili huanza kwa kawaida wiki moja hadi tatu baadaye, pengine mmesharudi Merilandi, na daktari hatamfikiria konokono msipomtaja.

Kwa hiyo wanangu huwaokota kwa glavu au mfuko wa plastiki, kisha sabuni. Majani ya kachumbari naosha moja moja. Jirani naye sasa hununua nyama iliyogandishwa, na huichemsha muda mrefu kuliko zile dakika tatu hadi tano zinazotosha kumuua mnyoo. Anasema vinginevyo haitafuniki.