Spika ya mzee: nembo kubwa, sauti ndogo

Mzee ana miaka 71, anaishi Ilala, na nyimbo zake za Sikinde zimo kwenye memori kadi aliyojaziwa na kijana wa dukani. Spika yake ya zamani ilipokufa, bintiye aliwaza kumnunulia hedifoni ili wapangaji wenzake wasilalamike usiku.

Wazo hilo halikudumu. Mzee ameanza kusikia kwa shida, na mtu wa namna hiyo huongeza sauti hadi mwisho. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 muda salama hushuka hadi saa 4 tu. Ikaamuliwa spika ndogo, ya kuweka karibu na kiti chake.

Walikwenda wote wawili Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.

"Shikamoo mzee. Dada, karibu, hii hapa JBL Go 3, original. Ina redio na sehemu ya memori kadi, chaji saa 12. Elfu 35 tu."

Kijana alidhani anaisifia bidhaa, kumbe anaiumbua. Go 3 halisi haina redio wala tundu la kadi, na mtengenezaji wake mwenyewe anaahidi saa 5 za kupiga muziki, si 12. Duka la pili waliikuta iliyo halisi, kwa zaidi ya laki moja. Ilikuwa nzuri, ila kadi ya mzee ingechomekwa wapi? Simu yake ni ya kitochi.

Wakachagua spika mbili za majina yasiyojulikana, zenye tundu la kadi, na binti akaomba wazisikilize ndani kabisa ya duka. Barazani, pamoja na honi na wapiga debe, kila spika inayodunda huonekana nzuri. Mzee aliweka wimbo anaoujua kwa moyo, sauti nusu.

Ya kwanza ilidunda hadi kaunta ikatetemeka. Mzee alitikisa kichwa. "Gitaa la besi linatembea, hapa linapiga noti moja tu." Sauti ilipoongezwa, tarumbeta zikakwaruza. Ya pili ilikuwa na mdundo mdogo, lakini waimbaji walisikika mmoja mmoja. Boksi lake lilisema saa 6, ahadi ya kuaminika kuliko zile 12. Binti alilipa elfu 40 na kudai risiti iandikwe aina ya spika na siku saba za kurudisha. Muuzaji alinuna kidogo, akaandika.

Nyumbani iliachwa kwenye chaji hadi taa ikabadilika rangi, kisha ikawashwa saa 10 jioni, sauti nusu vilevile. Ilizimika saa 3 na dakika 40 usiku. Mzee alikuwa ameshasinzia kitini, mpangaji wa chumba cha pili ndiye aliyeuliza mbona muziki umekatika.