Namba ya Kwenye Lebo

Mama anafuma sweta za shule nyumbani kwetu Njombe, na nauli yangu ya chuo inatoka humo. Likizo moja uzi wa bluu ulimwishia amebakiza mikono, akanituma dukani jioni. Nikaleta madonge mawili, rangi ileile, kampuni ileile. Chini ya taa sote tuliona yanalingana. Akafuma usiku kucha.

Asubuhi alianika sweta juani. Mikono ilikuwa na uzambarau kwa mbali, kiwiliwili bluu tupu.

"Uliangalia namba ya kwenye lebo, mwanangu?"

Namba gani tena? Kumbe kiwandani uzi hutiwa rangi kwa awamu, kila awamu na namba yake, na bluu ya awamu mbili huwa hazilingani sawasawa.

Akafumua mikono yote. Akamalizia makwapa kwa kipande cha uzi wa mwanzo, ikawa sweta isiyo na mikono. Mwenye oda aliikataa. Ikauzwa nusu bei. Ule uzi mwingine ukawa kofia na soksi za kichanga.

Nilichelewa kurudi chuo siku nne. Siku hizi nikitumwa uzi, nanunua wa sweta nzima kwa mpigo, na nasoma namba kwanza.