Folda Iliyorudi

Jumanne asubuhi nilimtumia mhariri mmoja linki ya kazi zangu. Alinijibu na picha ya skrini. Nyekundu kote, imeandikwa Deceptive site ahead, na hapo ndani jina la tovuti yangu. Aliongeza swali moja tu: "Hii ni yako kweli?"

Nilikuwa bado kitandani, hapa Syokimau. Nikafikiri Google wamekosea. Mimi naandika insha na mapitio ya vitabu, nimdanganye nani? Nikapita lile onyo na kuingia kwangu kwa nguvu. Insha zote zilikuwa pale pale. Nikajaribu Firefox, bado nyekundu. Baadaye nilielewa kwamba Chrome, Firefox na Safari zote husoma orodha moja ya Google, inayoitwa Safe Browsing. Kubadilisha brauza hakusaidii.

Jibu lilikuwa kwenye Search Console, sehemu ya Security Issues. Walikuwa wameandika Deceptive pages, na chini yake anwani moja kama mfano. Ilielekea kwenye folda ambayo sijawahi kuiunda. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa kuingilia akaunti ya benki ya ng'ambo: nembo, nafasi ya jina, nafasi ya paswadi. Kumbe insha zangu hazikuguswa kabisa. Mwizi hakuzitaka. Alitaka jina la tovuti lisilo na doa, lenye miaka kadhaa, la kuwekea mtego wake.

Nikafuta folda, nikabonyeza Request Review, nikaenda kununua mandazi. Kesho yake wakanijibu kwamba tatizo bado lipo. Nikaangalia. Folda ilikuwa imerudi, na jina jipya.

Hapo ndipo nilipopanda ghorofa ya nne kwa jirani anayefanya kazi ya seva. Alisikiliza, akacheka kidogo. "Dada, wewe umefagia sebule. Mwizi bado ana ufunguo." Akanionya nisiombe ukaguzi tena mpaka tuwe na uhakika. Tovuti inayosafishwa na kuchafuka tena na tena, Google inaweza kuiweka kwenye kundi la wakosaji sugu, na ukishaingia humo huwezi kuomba ukaguzi kwa siku 30. Kwa mtu anayetafuta kazi kwa linki, siku 30 ni kodi ya nyumba.

Tukafungua Terminal ya hosti, akaandika:

```
find wp-content/uploads -name "*.php"
wp core verify-checksums
```

Folda ya uploads ni ya picha na hati. Faili la PHP ni programu, na kwa kawaida halina shughuli huko. Amri ya kwanza ilileta faili moja, limejibanza katikati ya picha zangu za 2021. Tarehe yake pia ilisoma 2021, kwa sababu tarehe ya faili inaweza kughushiwa. Kwa hivyo kutafuta tu mafaili mapya kusingelinasa. Amri ya pili hulinganisha mafaili ya WordPress yenyewe na ya asili. Hayo yalikuwa salama. Lakini kwenye Users kulikuwa na msimamizi nisiyemjua.

Tukalitoa lile faili, tukamfuta msimamizi, tukabadilisha paswadi zote, za hosti na hifadhidata pia. Kisha plagini ya fomu, ambayo sikuwa nimeisasisha kwa zaidi ya mwaka. Logi ilionyesha mgeni alipitia hapo. Tukaing'oa.

Tukiwa bado kwenye logi, jirani akanyamaza. Alikuwa anahesabu mistari ya ule ukurasa wa benki iliyokuwa na POST. Kumi na mmoja.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Fomu iliyojazwa na kutumwa. Wengine huenda ni roboti." Akasita. "Wengine sio."

Siku mbili nzima nilikuwa nalilia jina langu. Ile skrini nyekundu niliyoitukana ndiyo iliyozuia mtu wa kumi na mbili.

Tulisubiri siku mbili. Folda haikurudi. Ndipo nikaomba ukaguzi mara ya pili, na safari hii nikaandika mambo matatu wanayotaka: tatizo lilikuwa nini hasa, nilifanya nini, na hali ikoje sasa. Nikataja faili, msimamizi na plagini. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika tu kwamba nimesafisha.

Kesho yake onyo likaondoka. Nikamwandikia mhariri, nikamweleza yote. Wale kumi na mmoja sina namna ya kuwafikia. Logi ina namba za IP tu, haina majina.

Kila tarehe moja sasa naandika ile amri ya kwanza. Isipoleta kitu, ndio naendelea na kazi.