Mboga ni Nini? Funzo Nililolipata kwenye Sahani ya Manila

Huenda ukastaajabu kwamba mwanafunzi wa isimu anaandika kuhusu ugali na kunde. Hata mimi sikutarajia. Likizo iliyopita nilikuwa kwetu katika Kaunti ya Makueni, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi jirani akaniomba nimshikie vipindi viwili vya lishe bora katika Gredi ya 4. Nilikubali pasi na kusita. Nilidhani kwamba anayejua majina ya vyakula amekwisha kujua kuvifundisha. Aisifuye mvua imemnyea, nami nilinyeshewa siku iyo hiyo.

Maandalizi yangu yalikuwa rahisi. Nilikata miduara minane ya karatasi ya manila, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 30, kwani darasa lilikuwa na wanafunzi 48 nami nilitaka makundi ya watoto sita sita. Kila mduara ulikuwa sahani. Niliugawa kwa mstari katikati, kisha nusu moja nikaigawa tena mara mbili. Nusu nzima ilikuwa ya mboga na matunda, robo moja ya vyakula vya kuupa mwili nguvu, na robo iliyosalia ya vyakula vya kuujenga mwili. Badala ya picha za vitabuni, nilileta vitu vyenyewe katika vikopo: unga wa mahindi, muthokoi, viazi vitamu, ndengu, mbaazi, maharagwe, omena, yai, majani ya kunde, sukuma wiki, embe na chungwa. Kazi ya kila kundi ilikuwa kuweka kila chakula katika sehemu yake na kueleza sababu.

Baada ya dakika kumi nilizunguka kutazama. Makundi sita kati ya manane yalikuwa yameweka maharagwe, ndengu na omena katika nusu ya mboga. Kundi moja lilikuwa limeongeza yai. Nilianza kuwasahihisha kwa sauti kali kidogo, nikivihamisha vyakula kwa mkono wangu mwenyewe, hadi mvulana mmoja aliponiuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani ugali hauliwi na mboga? Jana mboga yetu ilikuwa ndengu."

Nilinyamaza. Mimi niliyekesha nikisoma semantiki, nilikuwa nimesahau kwamba neno mboga lina maana mbili katika jiko la Kenya. Sokoni na katika vitabu vya lishe, mboga ni majani na mazao mengine ya shambani kama karoti na nyanya. Nyumbani, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, kiwe sukuma, nyama, omena au maharagwe. Watoto hawakuwa wamekosea. Walikuwa wamejibu swali la nyumbani, ilhali mimi nilikuwa nimeuliza la kitabuni. Nilifuta neno hilo ubaoni nikaandika "majani na matunda", kisha nikawaambia kwamba kile kinachoandamana na ugali tukiite kitoweo, na kwamba kitoweo chaweza kutoka upande wowote wa sahani. Makundi yalipoanza upya, kosa lilitoweka karibu lote. Hapo niling'amua kwamba mtoto anapoweka chakula mahali pasipo pake, haifai kukihamisha kabla ya kumwuliza sababu. Jibu lake ndilo linaloonyesha kama hakielewi chakula au halielewi neno.

Kosa langu la pili lilikuwa zito zaidi, na ndilo linalonifanya niandike. Ili kuhitimisha kipindi, nilimtaka kila mwanafunzi asimame ataje alichokula jana jioni, kisha darasa lionyeshe sehemu ya sahani iliyobaki tupu. Wa kwanza walitaja ugali na sukuma, wengine isyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao wengine huuita githeri. Zamu ikamfikia msichana mmoja wa dawati la nyuma. Alitazama chini, kisha akasema, "Wali, kuku na matunda." Darasa likaangua kicheko, kwa kuwa wote walijua kwao. Kengele ililia, lakini kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani. Nilikuwa nimegeuza sahani ya karatasi kuwa mizani ya kupimia ufukara wa watu.

Siku ya pili sikumwuliza mtu alichokula. Nilimwomba mpishi wa shule kikombe kimoja cha isyo iliyopikwa kwa kila kundi, nikawaambia watoto waitenganishe, mahindi robo ya nguvu, maharagwe robo ya kujenga mwili. Chakula kilichochanganywa ndicho kinachoitatiza sahani ya aina hii, kwa kuwa hakina mipaka. Dawa yake ni kukichambua. Kundi la msichana yule lilihesabu punje 84 za mahindi na maharagwe 11. Robo moja ilifurika, nyingine ilionekana kama uwanja uliosahaulika, na nusu ya majani na matunda haikuwa na kitu.

Niliwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba mahindi yana protini kidogo, nayo ina upungufu wa kijenzi kiitwacho lisini. Maharagwe, ndengu na mbaazi zina lisini kwa wingi. Ndiyo maana vyakula hivi viwili huauniana, lakini sharti maharagwe yawe ya kutosha. Kadirio jema kabla ya kupika ni vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe. Kisha nikauliza swali moja tu: "Bila kununua kitu dukani, mngeongeza nini katika kikombe hiki?"

Msichana yule aliinua mkono. Alisema majani ya kunde yangetiwa ndani isyo ikikaribia kuiva, na embe lingeliwa baadaye. Alikuwa ametia nukta mahali pake, kwani vitamini C ya embe huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika kunde na maharagwe, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Nilimwuliza kuhusu mbaazi, maana shamba la kila jirani lilikuwa nazo. Akajibu bila haya wala kujificha, "Mbaazi tunauza, mwalimu. Ndizo zinazonunua unga."

Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Sahani ya manila huonyesha kinachopungua. Haiwezi kumwambia mzazi auze nini na apike nini. Ila wanafunzi wenyewe walilijadili jambo hilo hadi mwisho wa kipindi, wakakubaliana kwamba kabla ya gunia kushonwa, kibaba kimoja kwa wiki chaweza kubaki jikoni. Sijui ni nyumba ngapi zilizofanya hivyo.

Kabla ya kuondoka niliwapa chakula kimoja ambacho hakikuwa katika vikopo vyangu, njugu karanga, nione kama wameelewa au wamekariri tu. Makundi saba yaliziweka katika robo ya kujenga mwili. La nane lilibishana, kwa sababu njugu zina mafuta mengi na mafuta huupa mwili nguvu. Niliwaacha waziweke juu ya mstari, katikati ya robo mbili, kwani hapo ndipo zilipostahili.