Chungu cha Dani

Picha tatu ziliingia kwenye WhatsApp Jumapili saa mbili usiku, zikifuatiwa na sauti ya sekunde tisa. "Sista, wewe si ndiye husoma mambo ya vyungu? Niambie hiki ni cha mwaka gani. Kuna mse hapa Kisumu anataka kukinunua, anasema kina miaka elfu mbili. Lakini harakisha, anakuja kesho."

Anayeongea ni binamu yangu. Chungu kilikuwa cha dani yetu, tuliyemzika Alego miezi minne kabla ya hapo, na kilikuwa kimekaa kwenye kona ya jikoni lake miaka yote tuliyomjua, kimefunikwa ungo, kimejaa maharagwe ya mbegu. Hakuna aliyewahi kukiuliza umri. Sasa kilikuwa na bei, na bei ilikuwa imeshaanza kugombanisha watu: binamu alitaka kuuza ili alipe deni la mazishi, na waya, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa amesema kwa simu kwamba atakayekigusa atamjua yeye ni nani.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kitako. Nikaelewa mara moja mnunuzi alipotoa hizo miaka elfu mbili. Katikati ya kitako cha mviringo kulikuwa na kishimo cha ukubwa wa sarafu.

Hicho kishimo kina historia kwetu. Urewe, kule Siaya karibu na mto Yala, ndipo vilipokusanywa vigae vya vyungu vyenye kitako kilichobonyezwa katikati, na mwaka 1948 Mary Leakey, Arkidiakoni Owen wa Kavirondo (alikuwa ameshafariki wakati huo) na Louis Leakey wakachapisha maelezo yake. Leo wataalamu wa mambo ya kale huita ufinyanzi huo Urewe, hata wakiupata Rwanda au Buhaya. Ulikuwepo kuanzia takriban miaka 2,500 iliyopita na ukadumu zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hiyo mtu akiona kishimo kwenye kitako, na chungu kimetoka Siaya, anaanza kuhesabu pesa.

Lakini kishimo na kishimo si kitu kimoja. Mfinyanzi wa Urewe alibonyeza udongo ukiwa mbichi. Kibonyo cha namna hiyo kina kingo laini, ngozi ya chungu inateremka ndani yake bila kukatika, rangi ni ileile ndani na nje, na mara nyingi kimekaa katikati kabisa. Nikamwambia binamu apige picha nyingine, taa ya simu ikiwa imelazwa pembeni, si juu. Mwanga wa kutoka mbele unafuta kila kitu. Mwanga wa pembeni unaamsha vivuli. Aliporudisha picha nikaona kingo kali kama za kigae kilichobanduka, punje za mchanga zimetokeza ndani, na udongo wa ndani ni mweusi wakati ngozi ni nyekundu. Hapo chungu kilibanduka. Labda kiligonga jiwe, labda unyevu ulinaswa kwenye udongo kikawekwa motoni. Mtu hakubonyeza kitu.

"Kwa hiyo si cha kale?"

"Kitako hakisemi ni cha kale. Subiri."

Picha ya pili ilikuwa ya ubavu, na ubavu uling'aa vibaya sana. Binamu alikuwa ameandika chini yake: "Ona glezi." Mnunuzi naye alikuwa ameisifu.

Glezi ni kioo. Ni ule utando ulio kwenye kikombe chako cha chai, na ili uyeyuke na kushika, mara nyingi chungu kinahitaji tanuri linalofika nyuzi 1,000 na zaidi. Vyungu vya kandokando ya ziwa huchomwa nje, juu ya ardhi, kwa kuni na nyasi, na moto huo huzunguka nyuzi 600 hadi 800, kisha unakwisha haraka. Hakuna glezi inayozaliwa hapo. Mng'ao wa kweli wa chungu cha kwetu hutoka kwenye mkono: mfinyanzi hupaka udongo mwekundu laini, anangoja ukauke nusu, halafu anasugua kwa kokoto mpaka ung'ae. (Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi na ambaye vyungu vyake viko kwenye majumba ya makumbusho makubwa duniani, naye hatumii glezi. Ni kusugua tu, na moto. Weusi wake unatokana na kuchoma mara ya pili kwa kunyima moto hewa.)

Ukisugua kwa kokoto, unaacha alama: mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, na kila mahali kokoto isipofika, yaani ndani ya mapambo, panabaki pafifu. Kwenye picha yetu mng'ao ulikuwa umezama hadi ndani ya mapambo. Zaidi ya hapo, nikavuta picha mpaka kwenye mdomo wa chungu, mahali palipomeguka zamani, na pale kwenye mmeguko pia palikuwa panang'aa. Mng'ao uliopita juu ya jeraha umekuja baada ya jeraha.

Nikampigia. "Umekipaka nini?"

Kimya. Halafu: "Kiwi kidogo tu. Kilikuwa na vumbi, sista. Nilitaka kitoke poa kwenye picha."

Kiwi ya viatu. Nilicheka mpaka nikaketi chini, na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu kwenye udongo unaonyonya kama huo kiwi haitoki tena.

Picha ya tatu ilikuwa ya mapambo, na hapo ndipo hadithi ya miaka elfu mbili ilipokufa kabisa. Begani mwa chungu kulikuwa na mshipi wa vijialama vidogo vilivyobanana, kama sufu ya kondoo. Ukivitazama kwa haraka utadhani mtu alichoma kimoja kimoja. Nilivitazama kwa dakika ishirini nikitafuta kosa, na nikalipata: alama moja iliyopinda, kubwa kuliko jirani zake. Kisha nikaipata tena mbele kidogo. Na tena, kwa umbali uleule. Kosa linalojirudia kwa hatua sawa maana yake ni kwamba kitu kimoja kiliviringishwa pale: kipande cha kamba au nyuzi zilizosokotwa na kufungwa mafundo, kinachoviringishwa chini ya kiganja juu ya udongo mbichi. Kila mzunguko, fundo lililokaa vibaya linarudi kuandika jina lake.

Wafinyanzi wa Urewe hawakufanya hivyo. Wao walichora kwa kukwaruza, mistari sambamba na mistari inayokatana, na midomo ya vyungu vyao walikuwa wakiikata kwa pembe na kuichimba mifereji. Mapambo ya kamba ya kuviringisha yalienea ukanda wa Maziwa Makuu baadaye, katika miaka elfu moja hivi iliyopita, na yanaendelea hadi leo. Kwa mapambo peke yake, basi, chungu cha dani kingeweza kuwa na miaka mia nane au thelathini. Mdomo wake wa mviringo wa kawaida, na ukweli kwamba kilikuwa kizima jikoni kwake na si ardhini, vinakisogeza huku kwetu.

Na kilifinyangwa wapi? Binamu alitaka niseme ni cha kwao dani, alikokuja nacho akiolewa. Hapo mapambo yanadanganya watu wengi. Miaka ya 1980 Ingrid Herbich na Michael Dietler walifanya utafiti wa wafinyanzi wa Kijaluo, na jambo walilolikuta ni kwamba wanawake wengi hawajifunzi kwa mama zao. Wanajifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe, pamoja na wake wenzao wa mtaa ule. Hata aliyekuja na mkono wake wa kwao hupindishwa polepole kuufuata mkono wa huko alikoolewa. Halafu chungu kinabebwa sokoni, na anayekinunua anaweza kuwa wa mbali, hata Mluhya. Mtindo unakuonyesha kundi dogo la wafinyanzi waliokaa pamoja, na ili ulitambue kundi hilo lazima uwe na vyungu vyao vingine vya kulinganisha. Sikuwa navyo. Nikasema: kandokando ya ziwa upande wa Kenya, karne iliyopita, basi.

Ikabaki kazi yake. Hii ndiyo sehemu nisiyoitarajia.

Chungu cha kupikia kina masizi, na sehemu kilipogusana na mafiga hubaki na mabaka. Hiki hakikuwa na masizi kwenye kitako wala ubavuni. Dapi, chungu cha maji, huachia utepe mweupe wa chumvi mahali maji yanapojipenyeza na kukauka. Sikuuona, ingawa kiwi ingeweza kuuficha. Nikaomba picha ya ndani. Binamu akamwaga maharagwe, akaingiza simu.

Ndani kulikuwa kumeliwa. Kuanzia chini hadi begani, ngozi ya udongo ilikuwa imechimbika vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Na kwenye bega vishimo vilikoma kwa mstari ulionyooka. Juu ya mstari ngozi ilikuwa laini kama siku ya kwanza. Maji hayafanyi hivyo. Kitu kichachu kilikaa humo, kwa kiwango kilekile, mara nyingi, kwa miaka mingi, kikila udongo. Uji wa kuchachusha unaweza. Maziwa ya mgando yanaweza. Kwa picha huwezi kuvitenganisha. Unahitaji maabara inayopima mabaki yaliyonyonywa ndani ya udongo. Lakini chungu cha lita arubaini hivi, chenye mdomo wa kuingiza mkono mzima, si cha maziwa ya nyumba moja. Umbo na ukubwa vilisema mbiru. Chungu cha pombe.

Dani yetu alikuwa mtu wa kanisa. Kitambaa cheupe, mkutano kila Alhamisi. Babu yetu aliwahi kufukuzwa mezani kwa kunuka chupa moja.

Nilimpigia waya kabla sijamjibu binamu. Nilimwuliza polepole, kwa heshima, kama dani aliwahi kuwa na kazi nyingine kabla hatujazaliwa. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku wake.

"Nani amekwambia?"

"Chungu, waya."

Akacheka, lakini kwa chini, kama mtu anayeogopa kusikika nyumba ya pili. Busaa, akasema. Unga wa mahindi uliochachuka, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi na maji, ukakaa ndani ya kile chungu. Kila wiki, miaka sita, mpaka baba yako alipomaliza fomu ya nne. Alipoacha, alikiosha, akakijaza mbegu, akaenda kuokoka. "Na msimwambie mchungaji."

Binamu nilimwandikia: miaka sitini hadi sabini, mbiru, si Urewe. Na kingekuwa Urewe, mse wako angekuwa na shida kubwa zaidi, maana sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiondoki nchini bila kibali. Mnunuzi akaishusha bei mpaka elfu mbili na mia tano.

Deni tulichangishana. Chungu kiko kwa waya, kimerudishiwa maharagwe, na bado kinanuka kiwi.