SEHEMU YA 4: Picha ya nembo imepotea, nikaieleza kama kidonda

Mama zangu, mlioko kwenye simulizi hii tangu mwanzo mnajua wifi yangu anaanzisha biashara ya unga wa lishe, na mimi ndiye nimejifanya katibu. Basi Jumatano alichora nembo kwenye karatasi, nikaipiga picha niitume kwa kijana anayetengeneza stika. Kabla sijatuma, mwanangu akaitumbukiza simu kwenye beseni la nguo. Karatasi yenyewe wifi alishawashia jiko. Na kijana alitaka kutoa maoni usiku ule ule, kwa sababu asubuhi analipia uchapaji wa stika 500.

Nikamtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mume wangu: "Ni duara zuri, lina mtoto na maandishi ya kuvutia." Akajibu, "Sista, hapo hujaniambia kitu."

Alinigusa pabaya, maana nami humwambia hivyo mwanafunzi akiniambia "kidonda kibaya". Daktari akiwa kwenye simu usiku hakioni. Namwambia kiko kisigino cha kulia, upana sentimita 3, kingo nyekundu, katikati kuna usaha wa njano. Kwa hayo anaweza kuamua. Kwa nini nisifanye vile vile kwa nembo?

(Mtaniuliza mbona hatukuchora upya. Nilijaribu. Mtoto akatoka kama kiazi, na kijana angetoa maoni juu ya kiazi changu.)

Kwanza nikamwambia wifi tusiongee. Kila mtu aandike peke yake anachokumbuka, maana mkianza kusimuliana mmoja anamfuata mwenzake. Tulipolinganisha, tulitofautiana kitu kimoja tu: kijani cha majani. Mimi niliandika kijani cha jani la mgomba, yeye cha shuka za hospitali. Hicho tukakiandika "hatuna uhakika".

Ukubwa ulikuwa rahisi. Duara alilizungushia kisahani cha chai, na kisahani kipo. Nikapima kwa rula, sentimita 15. Mengine nikayaeleza kwa saa ya ukutani: maneno UJI WETU yanafuata ukingo kwa ndani, yanaanzia saa kumi na kuishia saa mbili. Majani mawili ya mahindi yako saa tisa na saa tatu. Chini, saa sita, kuna mstari wa maneno madogo "unga wa lishe kwa watoto", ya njano juu ya nyeupe, urefu kama milimita 6. Katikati mtoto mchanga amelala chali, amechukua karibu nusu ya upana wa duara.

Kwenye herufi ndipo nilipokwama, kwa sababu majina ya fonti siyajui. Nikasema tu ni herufi kubwa zote, nene, hazina vimiguu mwishoni kama za gazeti, nyoofu kama za mabango ya barabarani. Nafasi nikazipima kwa herufi zenyewe: kati ya U na J inaingia I moja, lakini J na I karibu zinagusana. Kati ya maneno na ukingo haibaki hata nusu ya unene wa herufi.

Majibu yalikuja kabla sijamaliza kuosha vyombo. Stika ina sentimita 5, yaani theluthi ya mchoro, kwa hiyo maneno ya chini yatabaki milimita 2, tena njano juu ya nyeupe, hayatasomeka. Na J ikishikana na I chini inakuwa U. "Watu watasoma UU WETU," akaandika. Nikakumbuka jirani alisoma hivyo hivyo mchana, tukamcheka! Maneno yakipinda kwa ndani ya duara, miguu ya herufi inabanana, kwa hiyo J na I ziachanishwe zaidi ya herufi nyingine. Kijani hakukigusa, alisema atatuletea vipande viwili vya rangi tuchague kwa macho.

Mtoto aliyelala chali ndiye aliyenikosesha usingizi, na hapo sikuhitaji kijana aniambie. Nilipoandika "mchanga, amelala chali" ndiyo niliona kosa, wakati kwenye picha nilikuwa naona anapendeza tu. Mwongozo wa WHO wa 2016 unataka vyakula vya nyongeza visiwe na picha inayoonyesha kuwa vinamfaa mtoto wa chini ya miezi 6. Mimi asubuhi nawaambia kina mama kliniki maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, halafu jioni stika yangu inamlisha mchanga uji?

Wifi alinuna kidogo, alimpenda yule mtoto. Tumekubaliana bakuli na kijiko, na chini "kuanzia miezi 6" kwa herufi nyeusi. Uchapaji umesogezwa hadi Jumatatu. Sehemu ya 5 nitawaonyesha stika, simu ikipona.